Nukta ya isoelektriki ya asidi amino: namna ya kuchagua pKa mbili zinazohusika

Katika jaribio moja la biokemia, mwaka wangu wa kwanza, niliulizwa nukta ya isoelektriki ya lisini. pKa zake zilikuwa zimeandikwa palepale kwenye karatasi: 2.18, 8.95 na 10.53. Nilichokumbuka ni neno "wastani" tu, basi nikajumlisha zote tatu, nikagawa kwa tatu, nikapata 7.22 na kuhamia swali linalofuata. Karatasi iliporudi, pembeni mwa jibu langu kulikuwa na neno moja la wino mwekundu: "Chaji?"

Nilikasirika kidogo, maana nilidhani mwalimu amesahau kumalizia sentensi. Kumbe neno lile ndilo lilikuwa njia nzima ya kukokotoa. Kwenye pH 7.22 lisini ina chaji inayokaribia +1, na kitu chenye chaji ya +1 hakiwezi kuwa kwenye nukta yake ya isoelektriki. Jibu ni 9.74, na limetokana na pKa mbili kati ya zile tatu. Kazi yote iko katika kujua ni mbili zipi.

Kwa asidi amino yenye pKa mbili, kama glisini au alanini, huna cha kuchagua: unajumlisha, unagawa kwa mbili, umemaliza. Glisini ina 2.34 na 9.60, hivyo nukta yake ni 5.97. Zenye pKa tatu ndizo zinazowaangusha watu, kwa hiyo mwongozo huu unahusu hizo. Nitatumia histidini kama mfano mkuu, kisha tutazigusa nyingine pale zinapoleta mtego wake.

Tunachokitafuta

Nukta ya isoelektriki, inayoandikwa pI, ni pH ambayo jumla ya chaji za asidi amino, kwa wastani wa molekuli zote zilizomo kwenye myeyusho, ni sifuri. Sikusema kwamba molekuli haina chaji. Glisini kwenye pH 5.97 ina chaji hasi upande wa kaboksili na chaji chanya upande wa amino, ila mbili hizo zinafutana. Umbo hilo lenye chaji mbili zinazopingana ndilo linaloitwa zwiterioni. Mkemia wa Denmaki, Niels Bjerrum, alitetea mwaka 1923 kwamba asidi amino ndani ya maji huwa katika umbo hili, na si lile la NH2 na COOH zisizo na chaji ambalo bado baadhi yetu huchora daftarini kwa mazoea.

pKa nayo ni pH ambayo nusu ya makundi ya aina fulani yameachia protoni na nusu bado yameishikilia. pH ikiwa chini ya pKa, kundi linaishika protoni yake. Ikiwa juu, linaiachia. Ukienda uniti moja kutoka kwenye pKa, uwiano unakuwa kumi kwa moja. Uniti mbili, mia kwa moja. Hicho ndicho kipimo cha kutembea nacho kichwani: kundi ambalo pKa yake iko mbali kwa uniti tatu au zaidi limeshaamua, halina tena kusitasita.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni aina za makundi. Ziko mbili tu. Kundi la aina ya asidi, kama kaboksili, halina chaji likiwa na protoni na huwa na −1 likiiachia. Kundi la aina ya besi, kama amino, lina +1 likiwa na protoni na hubaki sifuri likiiachia. Ukitazama vizuri utaona kwamba aina zote mbili zinafanana katika jambo moja: kila protoni inayoondoka hushusha chaji ya molekuli kwa moja kamili, haijalishi imetoka kundi gani.

Hatua ya kwanza: panga pKa kwa ukubwa, si kwa safu za jedwali

Fungua jedwali lolote la asidi amino na utakuta safu tatu: moja ya kaboksili, moja ya amino, na ya mwisho ya mnyororo wa pembeni. Mpangilio huo umefuata muundo wa molekuli. Haukufuata utaratibu ambao protoni zinatoka, na kwa kazi yetu huo utaratibu wa kutoka ndio unaotakiwa.

Histidini inasomeka hivi: kaboksili 1.82, amino 9.17, na imidazoli ya mnyororo wa pembeni 6.00. Ziandike upya kuanzia ndogo hadi kubwa: 1.82, 6.00, 9.17. Pembeni ya kila moja andika aina ya kundi: asidi, besi, besi. Inachukua nusu dakika, lakini wengi wanaokosea huwa wameiruka nusu dakika hii, wakachukua namba mbili za mwanzo kama zilivyo jedwalini.

Hatua ya pili: hesabu chaji ya kuanzia

Fikiria myeyusho wenye asidi kali mno, pH ya sifuri hivi, ambako kila kundi limeshikilia protoni yake. Makundi ya aina ya asidi hapo hayana chaji, na kila kundi la aina ya besi lina +1. Kwa hiyo chaji ya kuanzia ni idadi ya makundi ya besi, basi.

Histidini ina amino na imidazoli, kwa hiyo inaanzia +2. Lisini na arginini nazo zinaanzia +2. Asidi aspatiki, asidi glutamiki, sisteini na tairosini zina kundi moja tu la besi, lile la amino, kwa hiyo zinaanzia +1, sawa na glisini.

Hapa kuna kosa dogo linalojificha. Mtu akiona "asidi aspatiki" anadhani lazima ianzie kwenye hasi kwa sababu ni asidi. Hapana. Kaboksili ikiwa na protoni yake haina chaji yoyote. Hasi huja baada ya kuiachia.

Hatua ya tatu: shuka ngazi

Sasa anza kupandisha pH kidogo kidogo, kama unavyodondosha alkali kwenye titresheni. Kila ukivuka pKa, protoni moja inatoka na chaji inashuka kwa moja. Ichore kwa mstari mmoja:

```
+2 --1.82--> +1 --6.00--> 0 --9.17--> -1
```

Huu mchoro ndio wa kuufanya kila mara, hata ukishakuwa mzoefu. Mimi bado huuchora pembezoni mwa karatasi kabla ya kugusa kikokotoo. Kati ya 1.82 na 6.00, histidini iliyo nyingi ina chaji ya +1. Kati ya 6.00 na 9.17, iliyo nyingi ina sifuri. Juu ya 9.17, iliyo nyingi ina −1.

Hatua ya nne: chukua pKa zilizoishika sifuri huku na huku

Tafuta sifuri kwenye ngazi. Namba iliyo kushoto kwake ni pKa ya kuingilia, iliyo kulia ni pKa ya kutokea. Wastani wa hizo mbili ndio pI:

```
pI = (6.00 + 9.17) / 2 = 7.585
```

Tunaandika 7.59. Ile 1.82 haikuingia popote, na haikupaswa kuingia, maana inatenganisha +2 na +1, wala haipakani na sifuri upande wowote.

Ukishaizoea ngazi, unaweza kuifupisha. Chaji ya kuanzia ukiiita n, protoni ya n ndiyo inayokufikisha kwenye sifuri, na inayofuata ndiyo inayokutoa. Kwa hiyo pI ni wastani wa pKa ya n na pKa ya n+1 katika orodha uliyoipanga kwa ukubwa. Histidini inaanzia +2, basi ni ya pili na ya tatu. Asidi aspatiki inaanzia +1, basi ni ya kwanza na ya pili. Naupenda mkato huu kuliko kanuni ile inayofundishwa sana, ya kwamba "za asidi jumlisha pKa za asidi, za besi jumlisha pKa za besi". Kanuni hiyo inafanya kazi mara nyingi, lakini kuna mahali inakuangusha, nasi tutafika hapo.

Kwa nini wastani, na kwa nini wa mbili tu

Ukiielewa sehemu hii hutahitaji kukariri lolote. Chukua vipandio viwili vinavyopakana na sifuri. Kila kimoja kina mlinganyo wake wa usawa:

```
Ka = [H+][0] / [+1]
Kb = [H+][-1] / [0]
```

Hapa [+1], [0] na [-1] ni viwango vya maumbo yenye chaji hizo, na herufi a na b ni za kutofautisha kipandio cha kuingia na cha kutoka. Zidisha milinganyo hiyo miwili. Umbo la sifuri liko juu katika mmoja na chini katika mwingine, kwa hiyo linajifuta:

```
Ka × Kb = [H+]^2 × [-1] / [+1]
```

Sasa jiulize: jumla ya chaji inakuwa sifuri lini? Pale ambapo molekuli zenye +1 ni nyingi sawasawa na zenye −1. Hapo ule uwiano wa mwisho unakuwa 1 na kutoweka. Kinabaki [H+]^2 upande mmoja na Ka × Kb upande mwingine. Chukua logi hasi ya pande zote, unapata 2 × pH = pKa + pKb, yaani pH ni wastani wa mbili hizo.

Angalia tulichokipuuza: umbo la +2. Nalo lina chaji, kwa hiyo kwa haki lingepaswa kuhesabiwa. Lakini kwenye pH 7.585, kwa kila molekuli milioni moja za histidini zenye +1, zenye +2 hazifiki mbili. Tumelipuuza kwa sababu ni haba kiasi hicho. Hiyo pia ndiyo sababu neno "kukadiria" ni la haki katika kazi hii: wastani wa pKa mbili ni makadirio, ila kwa asidi amino huru kosa lake liko chini mno kuliko kosa la pKa zenyewe.

Hakiki kwa kuhesabu chaji

Lile neno jekundu, "Chaji?", ni swali unaloweza kujiuliza mwenyewe kabla hujakabidhi karatasi. Ukishapata pI, rudi uulize kila kundi lina chaji kiasi gani kwenye pH hiyo, kisha jumlisha. Kwa kundi la besi, sehemu iliyobaki na protoni ni 1 / (1 + 10^(pH − pKa)). Kwa kundi la asidi, sehemu iliyoachia protoni ni 1 / (1 + 10^(pKa − pH)).

Histidini kwenye 7.585: imidazoli iko juu ya pKa yake kwa 1.585, kwa hiyo iliyobaki na protoni ni 0.025 tu. Amino iko chini ya pKa yake kwa 1.585 vilevile, kwa hiyo 0.975 bado ina protoni. Jumla ya chanya ni 1.000. Kaboksili imeshaachia karibu yote, inatoa −1.000. Tofauti ni sifuri. Utaona pia kwamba 0.025 na 0.975 zinajazana barabara. Hilo si bahati, ni kwa sababu pI iko katikati kabisa ya pKa mbili.

Sasa jaribu jibu langu la mwaka ule, lisini kwenye 7.22. Amino yake, yenye pKa 8.95, bado ina protoni kwa 0.98. Ile ya mnyororo wa pembeni, yenye 10.53, ina 0.9995, yaani haijatikisika. Kaboksili inatoa −1. Jumla ni +0.98. Jibu limejikataa lenyewe. Kwenye 9.74 hali inageuka: amino ya kwanza imebaki na 0.14, ya pembeni ina 0.86, na 0.14 jumlisha 0.86 ni moja kamili, inayofutwa na ile −1 ya kaboksili.

Anayependa kompyuta aandike mara moja na kuitumia kila siku:

```
def chaji(pH, asidi, besi):
    hasi = sum(1/(1+10**(pk-pH)) for pk in asidi)
    chanya = sum(1/(1+10**(pH-pk)) for pk in besi)
    return chanya - hasi

print(chaji(7.585, [1.82], [6.00, 9.17]))
```

Itakupa kama 0.0000017. Hicho kimasalia kidogo kinatoka kwenye kaboksili chache ambazo bado zimeshika protoni. Ndiyo sehemu tuliyoipuuza juu. Ukiona namba kama 0.98 au −0.5, umechagua pKa zisizohusika, au umeliweka kundi kwenye orodha isiyo yake.

Mtego wa sisteini na tairosini

Asidi aspatiki haina vurugu. pKa zake ni 1.88, 3.65 na 9.60, inaanzia +1, ngazi yake ni +1, 0, −1, −2, sifuri imekaa kati ya 1.88 na 3.65, na pI ni 2.77. Asidi glutamiki inafuata njia hiyohiyo.

Sisteini na tairosini ndizo zinazofaa kukaa nazo chini. Zote mbili zina mnyororo wa pembeni wa aina ya asidi, lakini asidi dhaifu: kundi la SH kwa sisteini, kundi la fenoli kwa tairosini. Zote zinaanzia +1. Kwa hiyo zote zinachukua pKa ya kwanza na ya pili katika orodha iliyopangwa. Ugumu uko hapa: ya pili ni ipi?

Kwa sisteini, SH ina 8.18 na amino ina 10.28. Ya pili ni ya mnyororo wa pembeni. Wastani wa 1.96 na 8.18 ni 5.07. Aliyezoea kuchukua kaboksili na amino bila kupanga atapata 6.12.

Kwa tairosini mambo yamegeuka. Amino ina 9.11 na fenoli ina 10.07. Ya pili ni ya amino. Wastani wa 2.20 na 9.11 ni 5.66. Hapa ndipo ile kanuni ya "jumlisha pKa za asidi" inapoanguka: mwenye kuishika atachukua 2.20 na 10.07, apate 6.14, na atakuwa na uhakika kabisa kwamba yuko sahihi, kwa sababu kwa sisteini kanuni hiyohiyo ilimpa jibu zuri. Mkato wa n na n+1 haukukosei katika hizi mbili, mradi umepanga kwanza.

Kwa wanaotaka kujua zaidi: kusema kwamba 8.18 ni ya SH na 10.28 ni ya amino ni kurahisisha. Makundi hayo mawili ya sisteini yana nguvu zinazokaribiana, na katika myeyusho baadhi ya molekuli huanza kuachia kutoka upande huu na nyingine upande ule. pI haijali. Ngazi inahesabu protoni zilizotoka, haiulizi zimetoka mlango gani. Ndiyo maana jedwali likitofautiana na lako kuhusu namba ipi ni ya kundi gani, jibu lako halibadiliki.

Kuna swali ambalo huulizwa hapa, na ni zuri: mbona tairosini ina 9.11 na 10.07 zilizokaribiana, pasipo hata uniti moja kati yake, je ile ya tatu haivurugi makadirio? Haivurugi. Kinachopimwa ni umbali wa pKa ya tatu kutoka kwenye pI, wala si umbali wake kutoka kwa jirani yake. Fenoli iko uniti zaidi ya nne juu ya 5.66, kwa hiyo kwenye pH hiyo imeshikilia protoni yake yote, ukiondoa sehemu chache katika laki moja.

Jibu lina usahihi kiasi gani

Ukikokotoa lisini kwa jedwali langu unapata 9.74. Jedwali jingine lina 2.16, 9.06 na 10.54, nalo linatoa 9.80. Hakuna aliyekosea. pKa hupimwa, na hubadilika kwa joto na kwa kiasi cha chumvi kilichomo. Nyingi za vitabuni ni za nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa hiyo desimali mbili zinatosha, na ukilinganisha asidi amino mbili hakikisha pKa zote umezitoa jedwali moja. Kuchanganya majedwali ni njia rahisi ya kuunda tofauti isiyokuwepo.

Arginini ndiyo yenye pengo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vimeandika 12.48 kwa kundi la guanidini la mnyororo wake wa pembeni, na kwa amino yake ya 9.04 unapata pI ya 10.76. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 viliipandisha pKa hiyo hadi karibu 13.8. Kosa la pKa moja huingia kwenye pI kwa nusu yake, kwa hiyo tofauti ya 1.3 inaisogeza pI hadi 11.42. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa. Kwenye kazi nyingine, sema umetumia ipi.

Lakini je, kukosea pI kwa nusu uniti kuna madhara? Hapa asidi amino hazifanani, nami naona ndiyo sehemu tamu ya mada hii. Glisini ina pKa zilizoachana kwa zaidi ya uniti saba. Kwenye pI yake, 99.95 kati ya kila molekuli 100 ziko katika umbo la sifuri. Shusha pH kwa nusu uniti, hadi 5.47, na chaji yake inakuwa +0.0007: hakuna kifaa cha kawaida kitakachoihisi. pI ya glisini ni kama kusimama katikati ya uwanda. Ukisogea hatua chache huku au kule, bado uko tambarare. Lisini iko kwenye mteremko. pKa zake mbili zimeachana kwa 1.58 tu, na hata kwenye pI yenyewe ni kama robo tatu tu ya molekuli zilizo na sifuri, zilizobaki zikigawana +1 na −1. Shusha pH kwa nusu uniti, hadi 9.24, na chaji inaruka hadi +0.29. Kwa hiyo desimali za pI ya lisini zina maana kuliko za glisini, ingawa zote tunaziandika kwa desimali mbili.

Njia hii pia ina mpaka wake. Ni ya asidi amino huru. Zikiungana kuwa peptidi, amino na kaboksili zilizo katikati zinafungwa na kupoteza chaji zake, na pKa za miisho nazo hubadilika. Peptidi fupi bado unaweza kuichorea ngazi. Protini yenye lisini ishirini na asidi glutamiki thelathini haina sifuri iliyobanwa na pKa mbili tu. Hapo unatumia ile fomula ya chaji, unabadilisha pH hadi ishara igeuke kutoka chanya kwenda hasi.

Kuiona kwa macho

Weka tone la mchanganyiko wa asidi aspatiki, glisini, histidini na lisini katikati ya karatasi iliyoloweshwa bafa ya pH 6.0, kisha uwashe umeme. Kabla ya kuwasha, tabiri. Ambayo pI yake iko chini ya 6.0 ina chaji hasi na itakwenda kwenye elektrodi chanya: hiyo ni asidi aspatiki, yenye 2.77. Glisini, yenye 5.97, itabaki pale ulipoiweka. Lisini na histidini, zenye 9.74 na 7.59, zitakwenda kwenye elektrodi hasi.

Ukimaliza, nyunyizia ninhidrini, pasha joto, na madoa yatajitokeza. Mawili yaliyokwenda upande wa hasi hayatakuwa mahali pamoja; doa la histidini litabaki nyuma sana ya lile la lisini. pI peke yake haikukuambia hilo, lakini ngazi ilikuwa imeshakuambia. pH 6.0 ni pKa ya imidazoli hasa, kwa hiyo nusu ya molekuli za histidini zina +1 na nusu zina sifuri, na chaji yake ya wastani ni +0.5, wakati lisini inasafiri na +1 kamili.